Rezo ikikatika, fishie isianze upya: namna sauti inavyotumwa kipande kwa kipande

Kila mwandishi wa habari anayefanya kazi mbali na studio anajua hii hali. Amerekodi mazungumzo, amesafisha sauti, amebonyeza «tuma», mstari unasonga polepole: asilimia 20, 40, 48. Kisha rezo inakatika. Rezo inaporudi, mstari unaanza tena kwa sifuri. Mega zimekwenda, batri imeshuka, na kule studio hakuna kitu kilichofika.

Watu wengi wanasema ni kosa la rezo tu. Ni kweli nusu. Nusu ingine ni kosa la namna ya kutuma. Kuko njia ya kutuma fishie ambayo, rezo ikikatika mara kumi, inaendelea mara kumi pale ilipoishia. Tuangalie namna hiyo njia inafanya kazi, kwa mfano mmoja, hatua kwa hatua, na mahali inapoweza kudanganya.

Dakika 40 kutoka Baraka

Tuseme mwandishi mmoja iko Baraka, katika territoire ya Fizi, pembeni ya ziwa Tanganyika. Amerekodi dakika 40 za mazungumzo na muuguzi juu ya kipindupindu: namna ya kutambua ugonjwa, namna ya kuchanganya dawa ya maji, wakati gani wa kukimbiza mtoto hospitalini. Emisio inapaswa kupita saa kumi na mbili jioni huko Bukavu.

Kwanza, ukubwa wa fishie. Akiacha sauti katika WAV ya kawaida, mono, kila sekunde inachukua okteti 88,200. Okteti ni ile punje ndogo ambayo fishie yote inahesabiwa nayo. Kilo moja ni punje elfu, mega moja ni punje milioni. Dakika 40 za WAV zinafikia mega 211. Hiyo haitumwi kwa rezo dhaifu. Akiigeuza kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesema, kila sekunde inachukua okteti 8,000. Sekunde 2,400 mara 8,000 ni okteti 19,200,000. Basi ni mega 19 na kidogo.

Sasa mwendo. Tuseme siku hiyo rezo inapandisha kilo 10 kwa sekunde. Mega 19 zinahitaji sekunde 1,920, ni kusema dakika 32, bila kukatika hata mara moja. Na hapo ndipo shida iko. Kama rezo ya pale inashikilia dakika kumi mpaka ishirini, kisha inaanguka, ile fishie haitafika hata siku moja kwa njia ya kawaida. Haijalishi mtu atajaribu mara ngapi. Akijaribu mara tatu, ikakatika kwenye mega 9, kisha kwenye mega 12, kisha kwenye mega 6, amekwisha kulipa mega 27 na studio haina hata sekunde moja ya sauti.

Sababu gani inaanza kwa sifuri?

Mtu anaweza kuuliza: mbona kupakua kunaendelea, lakini kutuma hakuendelei? Swali ni la haki. HTTP, ile lugha ambayo telefone na serveri zinazungumza nayo, ilipata tangu toleo la 1.1, mwaka 1997, neno la kuomba sehemu ya fishie: «nipe kuanzia okteti hii mpaka ile». Ndiyo sababu kupakua kulikokatika kunaweza kuendelea. Lakini kwa upande wa kupandisha, haikuwekwa kanuni kama hiyo. Fomu ya kawaida ya ukurasa wa mtandao inatuma fishie yote kama ombi moja. Ombi lisipofika mpaka mwisho, serveri inalihesabu kuwa halikuja, na inatupa yote iliyokuwa imepokea, hata kama ilibaki kilo tano.

Ni sawa vile mtu anayehamisha mizigo ya maharagwe kwa mtumbwi mmoja mkubwa. Mtumbwi ukizama karibu na ufuko, mzigo wote umepotea. Mwenye akili anaigawa katika mitumbwi midogo, na upande wa pili anaweka mtu wa kuhesabu magunia yaliyoshuka.

Mfano huo una mambo mawili, na watu wanayachanganya. La kwanza ni kugawa mzigo. La pili ni yule mtu wa kuhesabu ngʼambo. La pili ndilo kubwa zaidi. Bila yeye, hata mitumbwi mia haisaidii, juu hakuna anayejua gani imefika na gani imezama.

Namna mazungumzo yanavyokwenda

Kuko kanuni kadhaa za hii kazi. Moja inayotumika sana, na ambayo iko wazi kwa kila mtu, inaitwa tus. Ilianzishwa mwaka 2013 na kampuni Transloadit ya Berlin, na toleo linalotumika ni 1.0.0. Mazungumzo yake ni mafupi, yana maneno matatu tu.

Neno la kwanza ni kufungua. Telefone ya mwandishi inaiambia serveri: «Nina fishie ya okteti 19,200,000, nifungulie mahali.» Serveri inafungua fishie tupu na kurudisha anwani yake:

```
POST /files/
Tus-Resumable: 1.0.0
Upload-Length: 19200000

201 Created
Location: /files/a7f3c2
```

Hiyo anwani, /files/a7f3c2, ni kama namba ya risiti. Telefone inapaswa kuihifadhi, juu ikiipoteza, haiwezi tena kurudi kwenye ule mzigo.

Neno la pili ni kutuma kipande. Kila kipande kinakwenda na namba inayosema kinaanzia wapi. Cha kwanza kinaanzia sifuri. Tuseme vipande ni vya okteti 524,288, ukubwa unaopendwa na mafundi, ni nusu mega. Serveri ikipokea, inajibu na hesabu yake mpya:

```
PATCH /files/a7f3c2
Tus-Resumable: 1.0.0
Content-Type: application/offset+octet-stream
Upload-Offset: 0

204 No Content
Upload-Offset: 524288
```

Kwa fishie yetu hiyo inafanya vipande 37: 36 vilivyojaa, na cha mwisho kidogo cha okteti 325,632. Kila kipande kinachukua sekunde 52 hivi kwa rezo ya Baraka. Na kila kimoja kinabeba sekunde 65 za sauti ya muuguzi.

Neno la tatu ndilo moyo wa kazi yote. Ni swali: «Umefikia wapi?»

```
HEAD /files/a7f3c2
Tus-Resumable: 1.0.0

200 OK
Upload-Offset: 9112896
Upload-Length: 19200000
```

Telefone inauliza hilo swali kila mara rezo inaporudi, mbele ya kutuma kitu chochote.

Saa tisa na dakika 25, rezo inaanguka

Turudie mwandishi wetu. Ameanza kutuma saa tisa na dakika kumi. Baada ya robo saa vipande 17 vimefika, ni kusema okteti 8,912,896. Kipande cha 18 kiko njiani, kimefanya sekunde kama ishirini, na rezo inaanguka.

Kwenye kioo cha telefone mstari unaonyesha labda okteti 9,240,000. Lakini serveri imeandika 9,112,896. Tofauti inatoka wapi? Telefone inahesabu okteti zilizotoka katika aplikasio. Zikitoka huko, zinakaa kwanza katika chumba cha kungojea ndani ya telefone yenyewe, mbele ya kupanda hewani. Rezo ikianguka, zile zilizokuwa zinangojea hazikuenda popote, lakini mstari ulikwisha kuzihesabu. Ndiyo maana mtu anaona asilimia 100, anafunga telefone kwa furaha, na studio inasema bado. Mstari haukusema uongo kwa makusudi. Ulihesabu upande mbaya wa mto.

Basi kanuni ya kwanza ya hii kazi: hesabu ya kweli ni ya anayepokea, si ya anayetuma.

Rezo inarudi saa tisa na dakika 47. Telefone haianzi kutuma. Inauliza kwanza «umefikia wapi?», inajibiwa 9112896, inafungua MP3, inaruka okteti hizo zote, na inaanza na ile inayofuata. Zimebaki okteti 10,087,104, ni vipande 20. Kwa mwendo uleule ni dakika 17 hivi. Saa kumi na dakika tano sauti yote imefika Bukavu. Mega zilizolipwa ni 19 na kitu kidogo cha mazungumzo. Hakuna iliyotumwa mara mbili, isipokuwa labda zile chache zilizopotelea hewani.

Jibu linapopotea

Kuko hali ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Tuseme kipande kimoja kimefika chote. Serveri imekiandika, imetuma jibu lake la 204. Lakini rezo inaanguka wakati jibu linarudi. Sasa serveri inajua kipande kimefika. Telefone inaamini hakikufika.

Telefone ikifuata hesabu yake yenyewe, itakituma tena. Kama serveri ni ya kijinga, inakibandika nyuma ya kile cha kwanza, na sauti inarudia: msikilizaji anasikia muuguzi akisema maneno yaleyale ya sekunde 65 mara mbili. Kinyume chake pia kinawezekana: telefone inaamini kipande kimefika, kumbe hakikufika, inaruka. Hapo zinakosekana sekunde 65. Na kama katika hizo sekunde muuguzi alikuwa anasema pakiti moja ya dawa inachanganywa na lita moja nzima ya maji safi, mama anayesikiliza atabaki na nusu ya mafundisho. Dawa iliyochanganywa na maji kidogo kuliko inavyotakiwa inaweza kumletea mtoto hatari.

Ndiyo sababu tus inalazimisha kila kipande kuja na namba ya mwanzo wake. Namba isipolingana na hesabu ya serveri, serveri inakataa na kujibu 409 Conflict. Haibandiki, hairuki. Telefone ikiona 409, inajua hesabu yake imepotoka, inauliza tena, inarekebisha. Programu nzuri haisubiri kukataliwa, inauliza mbele.

Mara ingine jibu ni 423 Locked. Hiyo inatokea rezo inaporudi haraka sana. Serveri bado inaamini ile laini ya zamani iko hai, inangojea okteti zake, na imefunga fishie ili wawili wasiandike kwa wakati mmoja. Si kosa la kutisha. Inatakiwa kungojea kidogo na kujaribu tena. Kwa hiyo programu inapewa orodha ya muda wa kungojea, inayopanda: mara moja, kisha sekunde 3, kisha 10, 30, 60. Bila kupanda hivyo, telefone itagonga mlango kila sekunde na kumaliza batri yake bure.

Kipande kiwe cha ukubwa gani?

Hapa mafundi wengi wanateleza. Mmoja anasema: kata vidogo sana, hasara itakuwa ndogo. Ni kweli, lakini kila kipande kinalipa nauli yake. Telefone inatuma, inangojea jibu, ndipo inatuma kingine. Kwa rezo dhaifu huko kungojea kunaweza kula sekunde moja na nusu. Kwa vipande vyetu 37 ni karibu dakika moja, si kitu. Lakini ukikata vipande vya okteti 65,536, fishie ileile inakuwa vipande 293, na kungojea peke yake kunakula zaidi ya dakika saba.

Mwingine anakata vikubwa. Tuseme mega 5. Huduma nyingi za kuhifadhi fishie katika wingu zinalazimisha hivyo: S3 ya Amazon, kwa njia yake ya vipande, haikubali kipande kilicho chini ya mega 5, isipokuwa cha mwisho. Kwa mtu mwenye fibra hiyo ni sekunde moja. Kwa kilo 10 kwa sekunde ni karibu dakika tisa kwa kipande kimoja, na huko kipande kisichofika chote hakihesabiwi. Mahali ambapo rezo inaanguka kila dakika sita, hicho kipande hakifiki hata siku moja, na tumerudi mwanzo wa shida. Kwa hiyo radio ikitaka kuweka sauti zake huko, ni vizuri telefone zitume kwanza kwa serveri ya katikati, kwa vipande vidogo, na serveri hiyo, yenye laini nzuri, ndiyo ipandishe vikubwa.

Kipimo ni chepesi: kipande kimoja kiishe ndani ya dakika moja kwa mwendo mbaya wa kila siku, na si kwa mwendo mzuri wa usiku. Kwa kilo 10 kwa sekunde, nusu mega iko sawa. Drive ya Google ina njia yake ya namna hiyo; huko kila kipande, isipokuwa cha mwisho, kinapaswa kugawanyika kwa okteti 262,144 bila salio. Nusu mega yetu ni mara mbili ya hiyo, basi inapita.

Lakini kuko jambo la kushangaza kidogo. Katika tus, kama serveri inaandika kila okteti inapofika, hakuna ulazima wa kukata kabisa. Telefone inaweza kutuma mega 19 kama kipande kimoja kirefu, ikikatika serveri inashika ilichopata, na mazungumzo yanaendelea. Katika mfano wetu serveri iliweka hata zile okteti 200,000 za kipande cha 18 ambacho hakikumalizika. Sasa kwa nini kukata?

Mlinzi wa mlango anayeshika mizigo

Juu ya mlinzi wa mlango. Mbele ya serveri nyingi kunakaa programu ingine inayopokea wageni, mara nyingi nginx. Kwa kawaida yake, nginx haipitishi ombi ndani mpaka ombi lote limefika. Inalikusanya kwanza pembeni. Rezo ikikatika katikati, inatupa ilichokusanya, na programu ya ndani haikupata hata okteti moja.

Fundi anayetumia tus nyuma ya mlinzi kama huyo, bila kukata vipande, ataona jambo la ajabu: kila kitu kimewekwa vizuri, lakini kila mara rezo inaporudi serveri inajibu Upload-Offset: 0. Atalaumu programu, kumbe ni mlinzi. Tena nginx inakataa ombi lolote linalopita mega moja, kwa jibu la 413, kama hakuna aliyebadilisha hiyo kanuni. Mistari miwili inatosha kumrekebisha:

```
client_max_body_size 2m;
proxy_request_buffering off;
```

Wa kwanza unafungua mlango kwa vipande mpaka mega 2. Wa pili unamwambia mlinzi apitishe okteti kadiri zinavyokuja. Lakini radio haina serveri yake kila mara. Inakodi, na mlinzi ni wa mwenye nyumba. Hapo ndipo kukata vipande vya nusu mega kunaokoa: hata mlinzi akitupa kipande kilichokatika, hasara haipiti sekunde 52, na vile vilivyokwisha kupita viko salama ndani.

Kwa upande wa telefone, mistari ya fundi ni michache. Anayetengeneza ukurasa wa kutumia sauti anaweza kutumia tus-js-client:

```
const upload = new tus.Upload(file, {
  endpoint: "https://example.org/files/",
  chunkSize: 524288,
  retryDelays: [0, 3000, 10000, 30000, 60000]
})
upload.findPreviousUploads().then((prev) => {
  if (prev.length) upload.resumeFromPreviousUpload(prev[0])
  upload.start()
})
```

Mistari ya chini ndiyo watu wanasahau. Inatafuta kama kuko risiti ya zamani ya fishie hii katika telefone. Bila hiyo, rezo ikikatika kwa dakika mbili kazi inaendelea, lakini telefone ikizimika au ukurasa ukifungwa, inaanza kwa sifuri.

Mambo ambayo mtumaji mwenyewe anaharibu

Risiti inawekwa katika kumbukumbu ya navigateri, na telefone inaitambua fishie kwa alama zake za nje: jina, aina, ukubwa na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho. Haisomi sauti yenyewe. Kwa hiyo kuko mambo ambayo mwandishi asifanye mbele ya kazi kumalizika.

Asibadilishe jina la fishie. Mtu anaona «rec_0041.mp3», anaona ni bora iitwe «kipindupindu.mp3», anabadilisha. Kwa telefone hiyo ni fishie mpya, inaanza upya. Jina zuri liwekwe mbele ya kutuma.

Asiifungue tena kukata kikohozi au kuongeza muziki. Ikibadilika, nusu ya kwanza iliyoko studio ni ya sauti ya zamani, na nusu ya pili itakuwa ya mpya. Saa ya kubadilishwa ndiyo inayozuia hayo makosa: telefone inaona si ileile na inaanza upya, na hapo inafanya vizuri.

Asitumie dirisha la siri la navigateri, wala asifute historia, juu risiti inafutwa pamoja nayo. Na akifunga ukurasa kisha akarudi, atapaswa kuchagua fishie tena kwa mkono. Navigateri haina ruhusa ya kushika fishie ya mtu baada ya ukurasa kufungwa. Wengi wakiona wanaulizwa kuchagua tena, wanafikiri yote imepotea. Haijapotea, akichagua ileile, mstari utaruka mpaka pale ulipofikia.

Mwisho, asichelewe mno. Serveri haiwezi kushika nusu za fishie milele, juu zinajaza diski. Kila moja inaweka muda wake. Google, kwa mfano, inashika risiti kwa juma moja. Muda ukipita, serveri ya tus inajibu 404 au 410, ni kusema mzigo ulitupwa, na kazi inaanza tena mwanzo. Radio yenye waandishi mbali ingefaa iweke siku kadhaa, si masaa, juu mtu anaweza kukaa siku tatu bila rezo.

Kujua kama kweli imefika

MP3 ina tabia moja ya hatari: hata ikikatwa nusu, inapiga bila kulalamika. Mtu wa studio anaifungua, anasikia sauti nzuri ya muuguzi, anaipanga katika emisio. Hewani, kwenye dakika ya 19, sauti inakatika katikati ya neno. Kwa hiyo kusikiliza mwanzo si kupima.

Kipimo cha kwanza ni ukubwa: okteti zilizoko studio ziwe 19,200,000 kamili, si «karibu mega 19». Cha pili ni alama ya kidole ya fishie. Kwenye ordinatere ya Linux anayetuma anaandika:

```
sha256sum kipindupindu.mp3
```

Inatoka mistari ya herufi na namba 64. Studio inafanya hivyohivyo upande wake. Haina haja ya kulinganisha zote. Kwa simu, mwandishi anasoma sita za kwanza na sita za mwisho. Zikilingana, sauti ni ileile. Ikipotoka punje moja tu, alama yote inabadilika.

Mwenye ordinatere pande zote mbili na ruhusa ya kuingia katika serveri anaweza hata kuacha ukurasa wa mtandao pembeni na kutumia rsync, ambayo ni ya zamani na inajua kuendelea:

```
rsync --append-verify kipindupindu.mp3 studio@example.org:sauti/
```

Ikikatika, anarudia mstari uleule. Itaendelea pale ilipofikia, kisha itahakiki fishie yote, hata sehemu iliyofika mara ya kwanza.

Na kwa mwenye aplikasio au ukurasa ambao unaahidi kuendelea lakini hana hakika, kuko jaribio la dakika tano. Achukue fishie ya mega 5, aandike mega zilizobaki katika forfe yake. Aanze kutuma. Mstari ukifika nusu, aweke telefone katika hali ya ndege, angojee dakika mbili, afungue tena. Kisha arudie, lakini safari hii afunge pia ukurasa wote na kuurudia. Mwishoni aangalie mega zilizotumika. Kama kila safari imekula mega 5 na kidogo, ile ahadi ni ya kweli. Kama imekula saba au nane, mstari ulikuwa unaendelea kwenye kioo tu. Chini yake fishie ilikuwa inaanza upya.